Vikate vya mbatata za kukwaruza: maji yatoke, moto ushikwe

Mbatata ya kuchemsha na kuponda, kama ya kachori au katlesi, haimsumbui mpishi, kwa sababu imeiva kabla haijaingia kwenye mafuta. Ya kukwaruza ikiwa mbichi ina tabia nyingine. Inaingia kikaangoni na maji yake yote, na inatakiwa ndani ya dakika tisa au kumi ifanye kazi tatu: nyuzi zishikane, ziive mpaka katikati, na za nje zikauke zivunjike mdomoni. Wengi wakiona kikate kinawatawanyikia huongeza unga wa ngano au yai. Kinashikana kweli, lakini kinakuwa laini kama bajia iliyolala. Dawa yake si unga. Ni maji kutoka na moto kukaa mahali pake.

Kipimo cha hapa ni kilo moja ya mbatata, inayotoa vikate tisa vya ukubwa wa kiganja, futari ya watu wanne yenye vitu vingine pembeni. Viungo vyengine ni vichache: kitunguu maji kimoja kidogo, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, uzile uliotwangwa robo kijiko ukipenda, na mafuta ya kutosha kufunika kikaango kimo cha nusu sentimita hivi.

Mbatata ya kuchagua

Mbatata nyingi zinazouzwa Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake zimevuka bahari kutoka bara, na hazilingani. Unayoitaka ni iliyokomaa. Ipitishe kidole gumba juu ya ganda: ganda likichunika kirahisi, hiyo ni changa, ina maji mengi na wanga kidogo, na nyuzi zake hazitashikana bila msaada. Ganda likiwa limeshika na lina ukavu wa vumbi vumbi, chukua. Iliyogeuka kijani iache dukani, maana rangi hiyo ni dalili ya sumu inayoleta uchungu na kuumwa tumbo, na kukaanga hakuiondoi. Iliyoanza kunywea na kuota macho marefu nayo si nzuri, kwa sababu imekwisha kugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari.

Sukari hiyo hiyo ndiyo sababu ya kutokuweka mbatata kwenye friji. Ikikaa kwenye baridi kali siku kadhaa, wanga hugeuka sukari, na ukiikaanga inakuwa rangi ya kahawa iliyoungua kabla ya ndani kuiva. Iweke kwenye pakacha au kapu, mahali pa kivuli penye upepo.

Kukwaruza

Menya, osha, futa maji. Tumia upande wa kikwaruzio wenye matundu makubwa, ule wa kukwaruzia karoti ya kachumbari. Matundu madogo yanatoa uji, na uji hauna nyuzi za kukauka. Shika mbatata kwa urefu wake na uivute moja kwa moja kutoka juu mpaka chini bila kwenda na kurudi, ili upate nyuzi ndefu. Nyuzi ndefu zinapandana na kufungana kama ukili uliosukwa, fupi zinateleza tu.

Kitunguu usikikwaruze. Kitunguu kilichokwaruzwa ni maji matupu. Kikate vipande vyembamba sana vya nusu duara, ukichanganye na mbatata kabla ya kukamua ili maji yake nayo yatoke.

Mbatata iliyokwaruzwa inaanza kugeuka rangi baada ya dakika chache, kwanza waridi, halafu hudhurungi. Haidhuru ladha, ila inachukiza macho. Kama umeshaanza na mgeni akakukatisha, itie kwenye bakuli la maji baridi mpaka urudi. Maji hayo usiyamwage, kwa sababu yana wanga wako ndani yake.

Kukamua, ndipo kazi ilipo

Mbatata ina maji karibu sehemu nne katika tano za uzito wake. Maji yakiwa bado kwenye nyuzi, mafuta hayawezi kuzikausha, yanazichemsha. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, na maadamu kuna maji juu ya nyuzi, joto lake halipandi juu ya hapo. Rangi ya dhahabu na ule mkwaruzo wa meno havianzi mpaka joto la juu ya kikate lifike kiasi cha 140 na kupindukia. Kwa hivyo kila kijiko cha maji unachokiacha ndani ni muda wa kungoja kiondoke kwa mvuke, na muda huo wote mbatata inalainika na kunywa mafuta.

Nyunyiza nusu ya chumvi, yaani nusu kijiko cha chai, juu ya mbatata na kitunguu. Changanya kwa vidole na uache dakika kumi. Chumvi inavuta maji yaliyo ndani ya nyuzi yaje nje, ambayo mkono peke yake haungeyafikia. Utaona bakuli limejaa maji ambayo mwanzo hayakuwapo.

Kitambaa kiwe cha pamba, chembamba na chenye nguvu. Kitambaa cha marekani ni kizuri, na kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi pia kinafaa. Kanga mpya isitumike, itakuchujia rangi. Kifumbu cha kuchujia tui kinajaribiwa na wengi lakini hakitoshi: kimefanywa kuruhusu tui lipite kwa kuminywa na kiganja, na hapa tunataka kusokota mpaka mwisho. Isitoshe kinabaki na harufu ya nazi.

Gawa mbatata mafungu mawili. Fungu kubwa mno linakamuka pembeni tu na katikati kunabaki maji. Weka fungu la kwanza katikati ya kitambaa, kusanya pembe nne, na usokote juu ya bakuli safi. Sokota mpaka maji yawe matone, shikilia hapo kama unahesabu mpaka kumi, kisha fungua. Ivuruge mbatata kwa vidole iachane, ifunge tena, usokote upya. Mara hii ya pili ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo inayotoa maji yaliyokuwa yamefungiwa katikati ya donge. Mara ya tatu si lazima ila kama mbatata ni changa.

Utajuaje kama imetosha? Mkono wa Mzanzibari unajua tayari: inatakiwa iwe kama chicha. Chukua konzi, ibane kwa nguvu. Pasitoke tone, na ukifungua kiganja nyuzi zianze kuachana zenyewe. Zikibaki donge linalong'aa, bado kuna maji. Kutoka kilo moja tegemea kiasi cha kikombe kimoja cha chai cha maji, kikipungua kidogo au kuzidi kwa kufuata mbatata yenyewe. Ukipata robo kikombe, hukukamua.

Wanga wa chini ya bakuli

Maji uliyokamua yaache yatulie dakika tano mpaka kumi bila kuguswa. Yatakuwa ya hudhurungi juu, na chini patakaa kitu cheupe kigumu kidogo, kimegandana na bakuli. Huo ni wanga wa mbatata yenyewe. Inamisha bakuli polepole, umwage maji ya juu yote, ubaki na wanga peke yake. Kilo moja ya mbatata nzuri inaacha kijiko kimoja mpaka viwili vya chakula.

Ukwangue kwa kidole urudishe kwenye mbatata, uchanganye mpaka kila uzi upate utando. Hii ndiyo gundi. Wanga mbichi haushiki kitu, unashika unapopata joto: ukifika nyuzijoto 60 na kitu unavimba, unakuwa uji mzito unaounganisha nyuzi, na ukikauka zaidi unakuwa ganda. Ndiyo maana kikate kibichi kinaonekana kitalegea na kutawanyika, na baada ya dakika tatu kikaangoni kimeshikana. Ukikiona hakishikani mkononi usitaharuki.

Ikiwa chini ya bakuli umepata utando mwembamba tu, mbatata ilikuwa changa. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo uliochekechwa. Unafanya kazi ileile, na hauleti ulaini wa unga wa ngano. Yai ukilitia, utapata kikate kinachoshikana vizuri lakini kinachokula kama kimanda; kama ndicho unachokitaka, hiyo ni habari nyengine.

Chumvi iliyobaki, pilipili manga na uzile vitie sasa, na uanze kukaanga papo hapo. Onja uzi mmoja kwanza, kwa kuwa sehemu ya chumvi ya mwanzo ilitoka na maji. Mchanganyiko uliotiwa chumvi ukiachwa robo saa unatoa maji tena, na kazi yote ya kusokota imekwenda bure.

Chombo na moto

Kikaango kizito cha chuma chenye ukingo ndicho bora, kwa sababu joto halikikimbii unapoweka kitu cha baridi. Chuma cha chapati kina uzito mzuri, lakini hakina ukingo, na mafuta yakimwagika juu ya mkaa moto unapanda. Kikaango chembamba cha bati kina sehemu inayoungua katikati na pembeni baridi, na nyuzi huganda hapo. Kama ndicho ulichonacho, kaanga vikate viwili kwa mara moja na ukizungushe.

Kwenye gesi, moto uwe wa kati, si ule wa kuchemshia maji. Kwenye jiko la mkaa usianze wakati ndimi za moto bado zinatoka. Ngoja mkaa uwe mwekundu wote na uanze kuvaa majivu mepesi meupe. Ukizidi, toa makaa mawili matatu uyaweke pembeni au funga mlango wa chini wa jiko. Ukipungua, kung'uta majivu na upepee kidogo. Mafuta yasitiwe kwenye kikaango baridi pamoja na mbatata. Kikaango kipate moto kwanza dakika mbili, ndipo mafuta, halafu dakika nyengine moja au mbili.

Jaribu kwa uzi mmoja wa mbatata. Ukiutupa na ukazama kimya, au ukatoa povu la uvivu, mafuta bado. Ukianza kuchachatika pande zote papo hapo na ukawa wa dhahabu ndani ya dakika moja hivi, ndio wakati wake. Ukiwa mweusi pembeni kabla hujahesabu mpaka ishirini, moto umezidi: ondoa kikaango jikoni dakika moja, usingoje mafuta yatoe moshi.

Joto la chini kupita kiasi lina hasara mbili. Maji yanatoka polepole, na mvuke unaotoka kwa nguvu ndio unaoyazuia mafuta yasiingie. Mvuke ukiwa dhaifu, mafuta yanapenya, na kikate kinakuwa kizito cha kuchuruzika. Joto la juu kupita kiasi linafunga nje kwa rangi ya kahawa huku ndani nyuzi ni mbichi, na mbatata mbichi utaijua: ina ukakamavu wa karoti na ladha ya udongo.

Kukaanga

Chukua konzi ya gramu 70 hivi, kama nusu kikombe bila kushindilia. Iweke kikaangoni kama kilima, kisha uitandaze kwa mwiko bapa mpaka iwe na kimo cha sentimita moja na upana wa sentimita tisa. Usiibane ikawa ubao. Kati ya nyuzi panatakiwa pabaki vijinafasi ambavyo mvuke utapitia. Kikishindiliwa sana mvuke unafungwa ndani, na katikati panakuwa ugali. Ncha za nyuzi zinazochomoza pembeni ziache kama zilivyo, ndizo zinazokauka kwanza na ndizo tamu.

Kikaango cha sentimita 24 kibebe vitatu, visigusane. Cha nne kinaonekana kinaenea, lakini kinashusha joto la mafuta kwa pamoja na kujaza mvuke.

Sasa usiguse. Dakika tatu za mwanzo kikate kimeshikamana na chuma, na ukikisukuma utaacha nyuzi chini na kubaki na vipande. Ganda likishakauka linaachia lenyewe. Tikisa kikaango kidogo: kikate kikiteleza, kiko tayari kuangaliwa. Inua ukingo, ukiona dhahabu iliyoiva mpaka karibu na katikati, si ukingoni peke yake, geuza. Hii huchukua dakika nne mpaka tano. Ingiza mwiko mpaka chini kabisa kwa mara moja, na ugeuze kuelekea upande usio wako ili mafuta yasikurukie. Upande wa pili dakika tatu mpaka nne. Geuza mara moja tu, maana kila ukigeuza unautoa upande uliokuwa unakauka ukapata mvuke.

Sikiliza pia. Mwanzo sauti ni kubwa, ya mvua juu ya bati. Inapungua polepole kadiri maji yanavyokwisha. Sauti ikiwa ndogo na mapovu yamekuwa machache, maji yamekwisha nje, na kubakisha hapo zaidi ni kuunguza.

Kikate cha kwanza kikaange peke yake kama jaribio, ukivunje na ukile kabla ya kutia vingine. Kikivunjika wakati wa kugeuza ilhali chini kina rangi nzuri, kilikosa gundi: ongeza unga wa muhogo nusu kijiko. Kikivunjika kikiwa cheupe chini, uliharakisha. Kikitoa maji meupe pembeni yanayochemka na kurusha mafuta, mchanganyiko haukukamuliwa. Rudisha kwenye kitambaa, hujachelewa.

Kilo moja kutoka mwanzo mpaka mwisho

Tuchukue mbatata sita za wastani, kilo moja. Zikishamenywa zinabaki gramu 850 hivi. Kukwaruza ni dakika kumi, chumvi dakika kumi, kusokota mafungu mawili mara mbili mbili ni dakika nane. Kikombe kimoja cha maji kimetoka, na wakati kinatulia unawasha jiko na kupasha kikaango. Wanga ni kijiko kimoja na nusu. Umerudishwa, viungo vimetiwa, na bakuli lina kiasi cha gramu 650.

Raundi ya kwanza ya vikate vitatu imekwenda dakika tisa bila tatizo. Raundi ya pili ndiyo inayoharibika kwa wengi, kwa sababu mbili. Mafuta yamepungua na kupoa, na chini ya kikaango kuna nyuzi zilizoachwa ambazo zinaungua na kutia uchungu. Zitoe kwa kijiko cha matundu, ongeza vijiko viwili vya mafuta, ungoje dakika moja na nusu, na ujaribu tena kwa uzi mmoja kabla ya kutia. Kwenye bakuli, upande wa chini patakuwa na maji kidogo yaliyojikusanya kutokana na chumvi ya pili: shika kila konzi na uibane juu ya bakuli jengine kabla ya kuiweka kikaangoni. Raundi ya tatu, ikiwa ni mkaa, moto umeshaanza kulala. Pepea au rudisha yale makaa uliyoyatoa mwanzo, la sivyo vitatu vya mwisho vitakunywa mafuta kuliko sita vya mwanzo.

Baada ya kutoka

Visimamishe kwenye chujio au wavu wa chuma, vikiegemeana kama vyombo vilivyooshwa. Ukivilaza kwenye karatasi vikiwa moto, upande wa chini unatoa mvuke ambao hauna pa kwenda, na ndani ya dakika tano umelainika. Kuvipanga kimoja juu ya kimoja ni vibaya zaidi. Chumvi ya kunyunyizia, kama ilipungua, itiwe sasa.

Hotpoti ndiyo adui mkubwa, na mwezi wa Ramadhani ndiyo inayosababisha vikate vizuri vya saa kumi na moja jioni kuliwa vikiwa vilaini magharibi. Kifuniko chake kinafunga mvuke wote ndani. Kawa ya ukindu ina nafuu, kwa kuwa inapumua, lakini hewa ya visiwa vyetu ni ya unyevu na haitakupa zaidi ya nusu saa. Ukitaka kutangulia, kaanga mapema kila upande dakika tatu tu, mpaka vishikane na viwe na rangi ya majani makavu, uvipoze kwenye wavu bila kufunika. Karibu na adhana rudisha kwenye mafuta yenye moto kidogo zaidi ya ule wa mwanzo, dakika moja na nusu kila upande. Vikikaangwa mara mbili hivyo vinakuwa vikavu kuliko vya mara moja, kwa sababu mvuke wa mara ya kwanza umeshatoka na nje hakuna tena maji ya kupigana nayo. Ndimu na chatne ya nazi viwekwe pembeni, kila mtu achovye mwenyewe.